Saa Iliyoonekana Sahihi: Uchambuzi wa Ujumbe Mmoja Uliofika Dawati la TEHAMA Kabla ya Zamu

Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, dawati letu la TEHAMA lilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja ambaye ni mhudumu wa simu za wateja na hufanyia kazi nyumbani kwake, Dar es Salaam. Nauweka hapa karibu wote, kwa sababu kila kitu tulichokuja kukigundua baadaye kilikuwa tayari kimo ndani yake, ila hatukukiona mapema:

«Ndugu zangu wa TEHAMA, habari za asubuhi. Mfumo wa kazi umekataa kuanza zamu yangu ya saa moja. Nimeingiza nenosiri, limekubaliwa. Nimeingiza namba sita kutoka kwenye simu, zimekubaliwa. Ukurasa wa zamu unafunguka na jina langu linaonekana, lakini nikibonyeza kitufe cha kuanza zamu narudishwa mwanzo, na yanatokea maandishi haya: Session expired. Please sign in again. Nimejaribu mara nne tangu saa moja kasoro dakika nane. Intaneti iko sawa, kwani barua pepe zinafunguka na nimempigia mwanangu kwa video. Kompyuta ni ile mpya niliyokabidhiwa Ijumaa. Naomba msaada wa haraka, maana zamu ikianza bila mimi nahesabiwa nimechelewa.»

Tatizo lilikwisha saa moja na dakika thelathini na saba, yaani dakika arobaini na mbili baada ya ujumbe kufika. Marekebisho yenyewe hayakuchukua zaidi ya dakika nne. Muda mwingine wote ulipotea kwa kutafuta mahali pasipo na kosa, na sehemu kubwa ya lawama ya kupotea huko ni yetu sisi wa dawati. Ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuelezwa hatua kwa hatua.

Nianze na ujumbe wenyewe, kwa sababu ni mzuri kuliko wengi tunaopokea. Mtu aliyechelewa kuanza kazi huandika kwamba mfumo haufanyi kazi, basi. Neno hilo linaweza kumaanisha umeme umekatika, nenosiri limesahaulika, jina lake halimo kwenye ratiba ya zamu, au seva nzima imelala. Mama huyu alieleza mahali hasa mlolongo ulipokatikia. Nenosiri lilipita, kwa hiyo akaunti yake ilikuwa hai. Namba sita zilipita, kwa hiyo simu yake ilikuwa bado imeunganishwa na akaunti hiyo. Ukurasa wa zamu ulifunguka na jina lake likaonekana, kwa hiyo seva ilimtambua na ikampa ruhusa ya kuingia. Kilichokatika ni hatua moja tu, ile ya kutoka «nimeingia» hadi «nimeanza». Isitoshe, alinakili maandishi ya skrini kama yalivyo, hakuyafupisha wala hakuyatafsiri, na maandishi hayo yalisema kwamba muda wa ruhusa yake umekwisha. Ruhusa iliyotolewa sekunde chache zilizopita inakwishaje? Swali hilo lingeulizwa saa moja kasoro dakika tano, mama angeanza zamu yake kwa wakati.

Halikuulizwa. Mwenzangu aliyekuwa kwenye dawati, kijana makini na mwenye bidii, alijibu kwa mazoea. Saa moja kasoro dakika mbili alimwandikia: «Shikamoo mama. Tafadhali futa kumbukumbu za kivinjari, uwashe kompyuta upya, kisha ujaribu tena.» Ushauri huo si mbaya, kwani husaidia pale kivinjari kinaposhikilia kipande cha zamani cha ukurasa, lakini mama aliuandama kwa uaminifu hadi saa moja na dakika tisa, na alipojaribu tena alirudishwa mwanzo vilevile. Zamu ilikuwa imekwisha kuanza bila yeye.

Hatua ya pili ndiyo iliyotupoteza zaidi. Mwenzangu alifungua kumbukumbu za seva ili aone kama majaribio ya mama yalifika. Alisoma kwenye ujumbe «saa moja kasoro dakika nane», akaigeuza kwa usahihi kuwa 06:52, akaandika jina la mama kwenye kisanduku cha kutafutia na akaomba mistari yote ya kati ya 06:45 na 07:00. Hakupata hata mstari mmoja. Akahitimisha, kama ambavyo mtu yeyote angehitimisha, kwamba maombi ya mama hayakuwa yanafika kwenye seva, na kwamba tatizo ni mtandao wa nyumbani kwake. Alimwambia aache ruta yake na atumie intaneti ya simu. Mama akanunua bando, akaunganisha, akajaribu, akarudishwa mwanzo tena. Saa moja na dakika ishirini na moja mwenzangu alinikabidhi suala hilo nilipoingia, akiwa ameandika pembeni: «Haifiki kwenye seva.»

Jambo ambalo mwenzangu hakulikumbuka katika haraka ile ni kwamba kumbukumbu za seva zetu haziandikwi kwa saa za Afrika Mashariki. Zinaandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu kamili mwaka mzima, kwa kuwa sisi hatubadilishi saa kufuata majira. Tendo lililofanyika Dar es Salaam saa 06:52 huandikwa kwenye kumbukumbu kuwa 03:52. Mwenzangu alikuwa anatafuta kati ya 06:45 na 07:00 za UTC, muda ambao kwetu ungefika saa nne kasoro robo, yaani alitafuta mistari ya wakati ambao haujafika. Kwa kuwa alichuja kwa jina la mama peke yake, ukurasa mtupu haukumshtua. Angeondoa jina lile angeona kwamba katika kipindi hicho hakukuwa na mtumishi yeyote aliyeingia, hata wale wahudumu kadhaa waliokuwa wakizungumza na wateja dakika ile ile. Tangu siku hiyo nimejifunza, kila ninapopata ukurasa mtupu kwenye kumbukumbu, kuondoa kwanza kichujio cha jina na kuangalia kama kipindi chenyewe kina uhai.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili zaidi ya wengine. Dakika ile moja ilikuwa na majina matatu: mama aliiita saa moja kasoro dakika nane, kompyuta yake iliiita 06:52, na seva iliiita 03:52. Kutoka jina la kwanza kwenda la pili tunavuka saa sita bila kufikiri, kwa kuwa tumezoea tangu utotoni kuhesabu saa kuanzia mapambazuko. Kutoka la pili kwenda la tatu ni saa tatu, na hatujalizoea. Mtu anayevuka daraja la kwanza salama hujiona amefika, kumbe bado lipo la pili. Mwenzangu alivuka moja akasimama.

Nilitafuta upya, safari hii kati ya 03:45 na 04:30. Mistari ilikuwepo. Saa 03:52:10 nenosiri na namba sita zimekubaliwa, na tokeni imetolewa. Saa 03:53 tena, saa 03:54 mara mbili, kisha 04:09 na 04:20. Mara sita mama aliingia kwa mafanikio kamili, na baada ya kila kuingia hapakuwa na ombi lolote la kuanza zamu. Seva haikuwa imemkatalia kitu. Ilikuwa haijaulizwa. Picha hiyo, ya kuingia kunakofanikiwa mara nyingi mfululizo bila hatua inayofuata, ina maana moja iliyo wazi kwa aliyewahi kuiona: ruhusa inatolewa upande wa seva lakini inatupwa upande wa kivinjari, kabla haijatumika hata mara moja.

Sasa nieleze kwa nini kivinjari kitupe ruhusa iliyo halali. Mtu akiingia kwenye mfumo wetu, seva humpa tokeni, ambayo ni mfano wa tiketi iliyoandikwa muda wa kutolewa na muda wa kwisha. Muda huo hauandikwi kwa saa na dakika, bali kwa idadi ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC. Tiketi ya mama ya saa 03:52:10 ilikuwa na mistari hii miwili:

```
"iat": 1739159530
"exp": 1739163130
```

Wa kwanza ni wakati wa kutolewa na wa pili ni wakati wa kwisha. Ukitoa wa kwanza kwenye wa pili unapata 3600, yaani saa moja kamili. Mama akibonyeza kitufe cha kuanza zamu, programu iliyomo ndani ya kivinjari huangalia kwanza kama tiketi bado ni hai, ili isiisumbue seva kwa tiketi iliyokufa. Inachofanya ni kuiuliza kompyuta: sasa ni sekunde ngapi? Kompyuta ya mama ilijibu 1739170356. Namba hiyo imeipita ile ya kwisha kwa sekunde 7226, ambazo ni saa mbili na sekunde ishirini na sita. Kwa macho ya programu, tiketi iliyotolewa sasa hivi ilikuwa imekwisha zaidi ya saa mbili zilizopita. Ikaitupa, ikamrudisha mama mwanzoni na ikaandika yale maandishi aliyotunakilia. Programu ilisema kweli kulingana na ilichoambiwa. Saa ndiyo iliyoidanganya.

Lakini saa gani? Mama alikuwa ametuma pia picha ya skrini, na kwenye kona ya chini kulia saa ilisoma 06:52, sawa na saa ya ukutani. Picha ile ilitufanya tuiondoe saa kwenye orodha ya washukiwa kabla hata ya kuiweka. Ni kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Kwa kawaida kompyuta yenye saa mbovu hujitangaza yenyewe: betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, kivinjari kikakataa tovuti karibu zote kwa kudai kwamba vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika, na onyo la `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID` likajaa kwenye skrini. Kwa mama hakukuwa na onyo lolote. Vyeti vya tovuti huishi kwa majuma na miezi, hivyo kosa la saa tatu halivigusi. Barua pepe zilifunguka, na mwanawe alimwona kwa video. Zile namba sita nazo, ambazo hubadilika kila baada ya sekunde thelathini na hutegemea saa kwa ukali kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki, zilipita kwa sababu zilitengenezwa na simu, na simu ilikuwa imepata saa yake kutoka kwenye mtandao. Kati ya vyote alivyogusa asubuhi ile, tiketi ya saa moja peke yake ndiyo iliyokuwa fupi kiasi cha kuumizwa na saa tatu, na wakati huohuo ikapimwa kwa saa ya kompyuta.

Saa ionekanayo kwenye kona ya skrini imetokana na vitu viwili vilivyojumlishwa. Ndani kabisa kompyuta hutunza UTC. Juu yake huongeza tofauti ya ukanda wa saa uliochaguliwa, ambayo kwetu ni saa tatu, kisha ndipo huonyesha jumla. Jumla inaweza kuwa sahihi huku viungo vyake vyote viwili vikiwa na makosa yanayofutana. Ukanda ukisomeka sifuri badala ya tatu, na UTC ya ndani ikasukumwa mbele saa tatu, kona ya skrini itaonyesha saa halisi kabisa ya Dar es Salaam. Programu inayopima tiketi haitazami kona. Inatazama kule ndani.

Saa moja na dakika ishirini na sita nilimpigia simu. Nilimwamkia, akaitika kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiona amepoteza siku, nami nikamwomba afungue dirisha jeusi la amri na aandike mstari huu:

```
tzutil /g
```

Akanisomea jibu herufi kwa herufi: U, T, C. Ingekuwa imewekwa sawasawa, angesoma `E. Africa Standard Time`. Kwa hiyo ukanda ulikuwa sifuri, na bado kona ilionyesha saa yetu, jambo ambalo haliwezekani bila UTC ya ndani kuwa imesogezwa. Ili nisitegemee dhana, nilimwomba aandike mstari wa pili, unaoilinganisha saa ya kompyuta na seva ya saa iliyo kwenye intaneti bila kubadilisha kitu:

```
w32tm /stripchart /computer:time.windows.com /samples:3 /dataonly
```

Alinitumia picha ya majibu:

```
07:31:20, -10826.3187745s
07:31:22, -10826.3190211s
07:31:24, -10826.3186402s
```

Alama ya kutoa ina maana kwamba kompyuta iko mbele na inatakiwa kurudi nyuma. Saa tatu ni sekunde 10800. Zinabaki sekunde ishirini na sita, na hizo ndizo zilizoniambia habari yote. Mashine ikikosea ukanda hukosea kwa saa kamili, au kwa nusu au robo saa kamili. Ishirini na sita za ziada ni alama ya mkono wa mtu: mtu ameitazama saa nyingine, akapanga dakika na kubonyeza, na sekunde hazikulingana. Kama ungeona 10800 tupu ungeanza kushuku programu. Ukiona 10800 na mabaki, uliza nani aliirekebisha saa.

Nilimuuliza mama bila kumtisha: «Mama, Jumamosi au Jumapili uliigusa saa ya kompyuta?» Alinyamaza kidogo, akasema ndiyo. Jumapili jioni alipoifungua kompyuta mpya ili aandae zamu ya kesho aliona inaonyesha saa tatu nyuma. Alijua kwamba wahudumu huhesabiwa kwa dakika, akaogopa kwamba saa iliyo nyuma ingemfanya achelewe. Akaenda kwenye mipangilio, akafungua orodha ya kanda za saa na akatafuta Dar es Salaam. Haimo. Katika orodha ile ya Windows ukanda wetu umeandikwa kwa jina la jiji moja tu, `(UTC+03:00) Nairobi`, na mtu asiyejua kwamba Nairobi na Dar es Salaam zina saa moja hana sababu ya kuchagua jiji la nchi nyingine. Alipoikosa alizima swichi ya `Set time automatically`, akaangalia saa ya ukutani na kuipanga kwa mkono. Kompyuta ikaonekana sawa, naye akalala akiwa na amani.

Mtu anaweza kusema kwamba hakupaswa kuigusa. Mimi sikubaliani. Alipewa chombo chenye saa isiyo ya nchi yake, akafanya ambalo mtumishi mwangalifu hufanya. Tena, kwa kawaida mtumiaji wa kawaida wa Windows anaruhusiwa kubadilisha ukanda wa saa lakini haruhusiwi kubadilisha saa yenyewe, na kinga hiyo imewekwa kwa sababu kama hii hasa. Sisi wa dawati ndio tulioiondoa: wafanyakazi wa nyumbani tuliwapa ruhusa zote za usimamizi wa kompyuta zao ili wasitusumbue kila wanapotaka kuunganisha vipokea sauti. Na sisi ndio tulioandaa kompyuta ile. Nakala tuliyoitumia kusimika programu ilikuwa imetengenezwa ikiwa na ukanda wa UTC, uliofaa kwa seva, na hakuna aliyeubadilisha kabla ya kuikabidhi.

Marekebisho yanataka mpangilio na pia maneno ya kumwandaa mtu. Tulianza na ukanda:

```
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
```

Mara tu alipobonyeza, saa ya kwenye kona iliruka kutoka 07:33 hadi 10:33, kwa sababu sasa ukanda ulikuwa sahihi juu ya UTC iliyosogezwa. Nilikuwa sijamtahadharisha. «Mwanangu,» alisema, «sasa inaonyesha saa nne na nusu, zamu yangu si itakuwa imekwisha potea yote?» Nilimwomba radhi na kumweleza kwamba ule ndio uongo wa ndani uliojitokeza nje, na kwamba tunakwenda kuuondoa. Kisha aliiwasha tena swichi ya `Set time automatically` na kubonyeza `Sync now`. Mpangilio huu una maana: swichi ile ikiwa imezimwa, kompyuta haina mahali pa kuulizia saa, na kuilazimisha ijisahihishe hakutazaa kitu. Baada ya sekunde chache kona ilisoma 07:35. Akafunga kivinjari, akafungua upya, akaingia, na saa moja na dakika thelathini na saba kitufe cha zamu kikakubali. Nilimsikia akimsalimu mteja wake wa kwanza kabla sijakata simu.

Njia hii ina mpaka wake. Kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi, kwa mipangilio yake ya kawaida, hukubali kusahihishwa kwa umbali usiozidi sekunde 54000, ambazo ni saa kumi na tano. Mama alikuwa ndani ya mpaka huo. Lau angekosea pia tarehe, hata kwa siku moja, kompyuta ingekataa kusahihishwa kwa madai kwamba badiliko ni kubwa mno, na tungelazimika kwanza kuisogeza kwa mkono karibu na ukweli ndipo tuibonyeze. Kompyuta za ofisini hazikuguswa na jambo hili kabisa, kwa kuwa huchukua saa kutoka kwenye seva ya ofisi na mtumishi hana uwezo wa kuibadilisha.

Asubuhi hiyohiyo niliwapigia wengine watano waliokabidhiwa kompyuta za kundi lile la Ijumaa. Mmoja alikuwa anaifahamu orodha, akachagua Nairobi, na kila kitu kilikuwa sawa. Wanne walikuwa hawajagusa kitu. Saa zao zilikuwa bado nyuma kwa saa tatu, mmoja wao alikuwa ameniambia kwa masikitiko kwamba anafanya kazi kwa kutazama simu, na wote wanne walikuwa wameanza zamu zao bila tatizo. UTC yao ya ndani ilikuwa sahihi, kwa hiyo tiketi zao zilikuwa hai. Nililitafakari jambo hili kwa muda mrefu: saa zilizoonekana mbovu zilifanya kazi, na ile moja iliyoonekana nzima ndiyo iliyokwama. Uzi huo ningekuwa nao mkononi mapema, kwa kuuliza tu kama mwenzake yeyote wa Ijumaa amekwama, lakini mama alikuwa ametuandikia kwamba kompyuta ni mpya nasi tulipita juu ya sentensi hiyo.

Kwa mtu anayeandika ujumbe kama huu, ningeongeza vitu viwili tu kwenye vile alivyoviweka mama. Cha kwanza ni kama akaunti ileile inafanya kazi kwenye chombo kingine. Angejaribu kuanza zamu kwenye kivinjari cha simu angefanikiwa, na mfumo wetu unaruhusu hilo kwa dharura, ingawa kupokea wateja kwa simu ni kazi ngumu. Cha pili ni mabadiliko yoyote aliyoyafanya tangu mara ya mwisho kompyuta ilipofanya kazi, hata yale anayoyaona hayahusiani. Mama hakutaja saa kwa sababu aliamini kwamba ameitengeneza, na kitu ulichokitengeneza hukihesabu miongoni mwa vibovu. Ndiyo maana ni juu ya dawati kuuliza, na kuuliza kwa namna isiyomfanya mtu afiche.

Kwa upande wetu, nakala ya kusimikia programu sasa ina ukanda wetu, ruhusa ya kubadilisha saa imerudishwa kwa mafundi peke yao, na ukurasa wa kumbukumbu za seva unaonyesha saa mbili kando kwa kando, ya UTC na ya Afrika Mashariki. Nilipendekeza pia kwa wenye programu kwamba tiketi isipimwe kwa saa ya kompyuta peke yake. Kivinjari kinaweza kulinganisha saa yake na ile iliyomo kwenye jibu la seva wakati wa kuingia na, kama zinatofautiana zaidi ya dakika tano, kimwambie mtumiaji wazi kwamba saa ya kompyuta yake haiko sawa. Hilo bado halijafanywa.

Lilibaki suala la mahudhurio. Mfumo ulikuwa umemwandikia mama kuchelewa kwa dakika thelathini na saba, na msimamizi wake aliona mstari huo mwekundu kabla ya mimi kuzungumza naye. Nilimpelekea vitu viwili: ujumbe wa mama wenye muda wa kupokelewa wa 06:55, na mstari wa seva wa 03:52:10 UTC pamoja na maelezo kwamba hiyo ni 06:52 kwa saa zetu. Vinaonyesha kwamba alikuwa mezani pake dakika nane kabla ya zamu. Msimamizi aliufuta mstari ule siku hiyohiyo.

Nilipokwenda kulifunga suala kwenye kumbukumbu za dawati, nilikuta kwenye sehemu ya chanzo mwenzangu amekwisha kuandika: «Kosa la mtumiaji, alibadilisha saa.» Nilimwita tukasoma pamoja ujumbe wa mama tangu mwanzo, tukafuta maneno hayo, naye mwenyewe akaandika: «Kompyuta ilikabidhiwa ikiwa na ukanda wa saa usio wa hapa. Kosa la dawati.»